Kibao cha Mjomba: kutoka herufi za Kihabeshi hadi jina linaloonekana kwenye ramani

Mjomba wangu alishuka boti ya asubuhi kutoka Idjwi akiwa na bahasha ya pesa na picha moja. Pesa zilikuwa za kulipa deni. Picha ndiyo iliyokuwa anwani ya mdai wake, ila mjomba hakuweza kuisoma.

Yeye ni mkulima wa kahawa. Mwaka uliotangulia alikwenda Ethiopia na kikundi cha wakulima wenzake kuona jinsi kahawa inavyooshwa na kuanikwa kule kusini. Njiani alishikwa na homa kali, wenzake wakaendelea na safari, naye akaachwa siku mbili kwenye kituo cha afya cha mji mdogo wa milimani. Mama mmoja mwenye chumba cha kulala wageni karibu na kituo hicho alimlipia dawa na chakula. Mjomba alimwahidi kumrudishia. Aliandika jina la mji kwenye karatasi, karatasi ikalowa. Simu yenyewe ilitumbukia ziwani siku moja wakati wa kushuka botini. Kilichobaki ni picha aliyokuwa ameshamtumia binti yake kwa WhatsApp: mjomba amesimama, amekonda, na nyuma ya bega lake kuna kibao cha bati chenye maandishi ya Kihabeshi.

“Mpwa wangu,” akaniambia, “wewe unasoma mambo ya lugha. Kikundi cha pili kinaondoka baada ya wiki mbili. Niambie tu mahali hapa panaitwaje ili niwape bahasha.”

Nilimwambia nitampa jibu jioni. Ilinichukua siku tano, na siku ya tatu nilikuwa nimeshapata jibu ambalo lingeipeleka bahasha mbali karibu kilomita 800 na mahali pake. Ninaandika hapa jinsi nilivyokosea, kwa sababu makosa yangu karibu yote yalikuwa ya mtu anayejua Kiswahili na Kifaransa, na wasomaji wa jarida hili wako hivyo hivyo.

Kwanza niliuliza kama picha ile ilibeba kumbukumbu ya mahali ilipopigwa. Picha ya simu mara nyingi huwa nayo, lakini ikipitia WhatsApp kwa njia ya kawaida kumbukumbu hiyo hufutwa. Basi nikabaki na kibao. Mstari wake wa juu ulikuwa hivi:

ሀገረ ሰላም ጤና ጣቢያ

Chini yake kulikuwa na mstari wa pili wa herufi za Kilatini, lakini bega la mjomba liliuziba. Zilionekana herufi chache tu za mwisho, zenye irabu zilizoandikwa mara mbili mbili. Nilidhani mchoraji wa kibao hakujua kuandika. Nitarudi hapo.

Mwandiko huu unaitwa Ge'ez, na leo unatumika kwa Kiamhari, Kitigrinya na lugha nyingine za Ethiopia na Eritrea. Mtu aliyejifunza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu ataupenda, kwa sababu kila alama ni silabi nzima. Kuna umbo la msingi la konsonanti, na umbo hilo hubadilishwa kidogo ili kuonyesha irabu. Maumbo ya kila konsonanti ni saba, nayo hupangwa kwa utaratibu mmoja. Tazama konsonanti l: ለ ሉ ሊ ላ ሌ ል ሎ. La pili ni lu, lina kistari upande wa kulia katikati. La tatu ni li, kistari kimeshuka mguuni. La nne ni la, mguu mmoja umerefuka kuliko mwingine. La tano ni le, mguu una kijiduara. La saba ni lo. La kwanza na la sita nimeyaruka kwa makusudi, maana ndiyo yanayoleta taabu yote.

Niliichukua jedwali la herufi na kuanza kulinganisha alama moja moja, nikiandika kila moja kwenye mstari wake pamoja na namba ya umbo lake. Kazi hii ni ya polepole na hakuna njia ya mkato. Anayetafuta neno zima kwa kulikisia kwa sura atakosea, kwa kuwa tofauti kati ya silabi mbili inaweza kuwa kistari kimoja tu. Tena zipo konsonanti zinazotofautiana kwa kistari cha juu: ሰ ni s, lakini ikivaa kofia, ሸ, inakuwa sh. Vivyo hivyo ተ ni t na ቸ ni ch, ነ ni n na ኘ ni ny, ደ ni d na ጀ ni j. Kwenye bati lililoliwa na kutu, kofia ndiyo hutoweka kwanza. Mji wa ቢሾፍቱ, Bishoftu, ukipoteza kofia yake unakuwa Bisoftu, na ramani haitakujibu kitu. Kibao cha mjomba, kwa bahati, kilikuwa kimepakwa rangi upya.

Mwisho wa siku ya kwanza nilikuwa na mstari huu kwenye daftari: Hagara Salama Tena Tabia. Nikacheka peke yangu. Kibao cha kituo cha afya kinachosema “salama” na “tena tabia”! Nikauandika mzima kwenye ramani ya simu. Hakikutokea kitu. Kicheko changu kilikuwa na makosa matatu ndani yake.

Kosa la kwanza lilikuwa sikio. Niliposoma ሰላም nilisikia salama, kwa sababu neno hilo ni ndugu wa neno letu: sisi tulilipokea kutoka Kiarabu, nao wanalo katika lugha zao za Kisemiti. Lakini umbo la kwanza la konsonanti katika Kiamhari halina a yetu. Lina irabu fupi iliyo katikati ya e na a, ambayo wasomi huiandika ä, na ambayo kwenye ramani nyingi huandikwa e. Kwa hiyo ሰ ni se, si sa. Silabi ya pili, ላ, ni umbo la nne, na hiyo ndiyo a kamili: la. Silabi ya tatu, ም, ni umbo la sita. Umbo la sita hubeba irabu hafifu sana au halibebi irabu yoyote, na mwishoni mwa neno huwa ni konsonanti tupu. Jumla yake ni Selam. Sisi Wabantu tunaona vigumu kuacha silabi bila irabu, tukaiongezea a mwishoni bila kujua. Mjomba mwenyewe nilipomtamkia “Selam” alisema, “Eeh, ndivyo walivyonisalimia.”

Umbo la sita likiwa mwanzoni au katikati ya neno, msomaji hana alama ya kumwambia kama kuna irabu au hakuna. Mji wa ጎንደር unaanza na go, kisha n ya umbo la sita isiyo na irabu, kisha de, kisha r tupu: Gondar kwa desturi, Gonder kwa herufi. Lakini ጅማ inaanza na j ya umbo la sita ambayo hapo ina irabu, nayo huandikwa i: Jimma. Sheria ya kuaminika kwa mgeni haipo. Ninachofanya sasa ni kuandika umbo la sita kwa alama ya nukta kwanza, kisha ninajaribu kwa i na bila i.

Katika ሀገረ kulikuwa na mtego mwingine. Alama zote tatu ni za umbo la kwanza. Kwa kanuni niliyokwisha kuipata ningeandika Hegere. Lakini h na ile alama inayobeba irabu tupu, አ, ni za koo, na za koo katika Kiamhari hutamkwa a hata kwenye umbo la kwanza. Ndiyo sababu ሀ ni ha, lakini ገ ni ge na ረ ni re. Hagere. Neno hilo ni hager, yaani nchi, na e ya mwisho ni ya kuunganisha, kama “ya” yetu katika “nchi ya”. Hagere Selam: Nchi ya Amani. Jina zuri, na ubaya wake kwa mtafutaji ni huo huo uzuri, kama nilivyokuja kugundua.

Kosa la pili lilikuwa kutafuta kibao chote kana kwamba ni jina. ጤና ጣቢያ si sehemu ya jina la mji. ጤና ni afya, ጣቢያ ni kituo. Ni sawa na mtu wa Addis Ababa kuona kibao cha Idjwi na kuandika kwenye ramani maneno “kituo cha afya” pamoja na jina la kijiji, kisha kushangaa. Kabla ya kuhamisha herufi ni vizuri kujua maneno machache yanayorudiwa kwenye vibao vyote: ትምህርት ቤት ni shule, ከተማ ni mji, ወረዳ ni wilaya, ቀበሌ ni mtaa wa utawala. Ukiyaondoa hayo, kinachobaki ndicho cha kutafuta. Mimi sikuyaondoa, nikaendelea kujaribu Tabiya peke yake, nikidhani labda ndilo jina. Hilo likanipeleka kaskazini kabisa, jimbo la Tigray, kwa sababu huko neno hilo hilo hutumika pia kwa kitengo cha chini cha utawala, na vijiji vingi huandikwa na neno hilo mbele au nyuma. Lilikuwa jibu la uongo lenye sura ya ukweli, na sura hiyo ilinikaa kichwani.

Kosa la tatu halikunidhuru siku ile lakini lingenidhuru kwenye mji mwingine, nalo ni herufi za kupasua. ጤ na ጣ si t ya kawaida. Ni t inayotamkwa huku koo limefungwa, kisha hewa inaachiwa kwa mlio mkavu. Kiamhari kina jamii nzima ya sauti hizo, na Kilatini cha kawaida hakina herufi zake. Kila mtu hujitafutia njia. Utaratibu uliokubaliwa mwaka 1967 na ofisi za majina ya kijiografia za Marekani na Uingereza huweka alama ya mkato: t', k', ch'. Watu wengine huandika q badala ya k'. Wengi hawaandiki chochote. Chukua mji unaojulikana na kila muuza kahawa, ይርጋ ጨፌ. Kwa utaratibu huo wa 1967 ni Yirga Ch'efē. Kwenye magunia ni Yirgacheffe, neno moja, f mbili. Kwingine ni Yirga Chefe au Irgachefe. Kiunga cha Addis Ababa kinachoandikwa ቃሊቲ utakikuta kama Kality, Kaliti au Qaliti. Ukiandika mkato kwenye ramani, huenda ukaupata mji kwa sababu jina la zamani limehifadhiwa humo. Usipoandika, huenda ukaupata pia. Ninashauri kujaribu bila mkato kwanza.

Na hizo f mbili zinatoka wapi? Mwandiko wa Ge'ez hauonyeshi konsonanti iliyokazwa. Mwethiopia huijua kwa kuwa anaijua lugha. Mfano ulio karibu ni mji mkuu wenyewe: አዲስ አበባ. Soma alama moja moja: a, di, s, a, be, ba. Kwa herufi ni Adis Abeba. Dunia inaandika Addis Ababa, ikakaza d ambayo kibao hakiikazi, na kubadilisha e kuwa a. Basi anayesoma kibao kwa uaminifu mkubwa atapata jina ambalo si la kawaida, na si kwamba amekosea kusoma. Amesoma sawa, ila desturi ilishapita njia nyingine.

Hapa inafaa tukumbuke kisiwa chetu. Sisi tunaandika Idjwi kwa sababu Mbelgiji aliandika kwa sikio la Kifaransa, ambamo j peke yake haitoshi kuleta sauti hiyo. Ng'ambo ya ziwa wanaandika Ijwi. Wajerumani, ambao kwao sauti hiyo huhitaji herufi nne, waliandika Kwidschwi kwenye ramani zao. Ni kisiwa kimoja. Majina ya Ethiopia kwenye ramani za leo yamepitia zaidi sikio la Kiingereza, na mwanafunzi wa Bukavu anayeandika Djimma kwa mazoea ya Idjwi hapati Jimma kwa urahisi. Kuna sehemu moja tu ambapo Kifaransa chetu kinasaidia: ny ya Kiamhari huandikwa mara nyingi gn. Kituo kikubwa cha mabasi madogo cha መገናኛ mjini Addis Ababa ni Megenagna. Aliyezoea Kiswahili ataandika Megenanya na kupotea. Aliyesoma Kifaransa shuleni ataisoma gn bila shida.

Siku ya tatu niliandika Hagere Selam, nikaupata mji mara moja. Ulikuwa Tigray, karibu kilomita 50 magharibi ya Mekelle. Kumbuka kwamba Tabiya ilikuwa imeshanielekeza huko huko, basi nikaona ushahidi umekutana. Nikampigia mjomba simu kwa furaha.

Akaniuliza swali la mkulima: “Huko unakosema kuna migomba?”

“Migomba gani, mjomba?”

“Ile isiyozaa. Nyuma ya kituo kulikuwa na shamba zima la migomba minene, nikawauliza ndizi ziko wapi, wakacheka. Wanakula shina.”

Niliifungua picha tena. Kweli, juu ya kibao kulikuwa na majani mapana niliyoyachukulia kama migomba ya kwetu, na kwa mtu wa Kivu jani la mgomba si kitu cha kutazama mara mbili. Ule ulikuwa inseti, mmea wa jamii ya ndizi ambao wakulima wa kusini mwa Ethiopia huukuna shina na kuchachusha unga wake ardhini. Ni chakula cha Wasidama, Wagedeo, Wagurage na majirani zao. Nyanda kavu za juu za Tigray si nchi ya inseti. Isitoshe, mjomba alikwenda kuona kahawa kusini. Mimi ndiye niliyesahau kumuuliza gari lilielekea wapi, nikamwamini mtandao kuliko mtu aliyekuwa ndani ya gari.

Nchi ya Amani ni jina ambalo mtu yeyote angependa kuupa mji wake, na kwa hiyo miji ya jina hilo ni zaidi ya mmoja. Ramani ilinipa mmoja juu ya orodha, nami sikushuka chini. Wa pili uko Sidama, milimani, kwenye barabara itokayo Aleta Wendo kuelekea Bore, katika wilaya ya Hula. Sidama ilipiga kura ya kuwa jimbo lake yenyewe Novemba 2019 na likawa jimbo Juni 2020. Ramani na orodha za kabla ya hapo huuweka mji huu chini ya jimbo kubwa la kusini lililokuwapo, kwa hiyo hata neno “Sidama” ukiliongeza kwenye utafutaji halisaidii kila mahali.

Sasa nilihitaji kujua ni upi kati ya miwili bila kutegemea jani peke yake. Nikarudi kwenye kibao, na hapo ndipo niliposikitika, maana jibu lilikuwa limeandikwa pale tangu mwanzo. Tigray huandika vibao kwa Kitigrinya. Mwandiko ni ule ule, ila lugha ni nyingine. Afya kwa Kitigrinya si ጤና bali ጥዕና, yenye ile alama ya koo ዕ katikati. Kibao cha mjomba kilikuwa na ጤና, yaani Kiamhari. Wanafunzi wenzangu wanaweza kutumia alama nyingine rahisi zaidi: ukiona ቐ, yaani ቀ iliyovaa kofia, uko kwenye Kitigrinya, kwa kuwa Kiamhari hakina herufi hiyo. Mji mkuu wa Tigray huandikwa መቀሌ kwa Kiamhari na መቐለ kwa Kitigrinya. Kibao cha Kiamhari peke yake hakithibitishi kwamba hauko kaskazini, kwa sababu Kiamhari kinaandikwa kote nchini, lakini kibao cha serikali cha Kitigrinya kingethibitisha kwamba uko huko.

Uthibitisho wenyewe ulikuwa kwenye mstari wa pili, ule nilioudharau. Irabu zilizoandikwa mara mbili hazikuwa kosa la mchoraji. Kisidama, kama Kioromo na lugha nyingine za kusini, huandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini, na irabu ndefu huonyeshwa kwa kuandikwa mara mbili. Mji tunaouita Hawassa huko huandikwa Hawaasa. Hapa ndipo mgeni hunaswa vibaya zaidi kuliko kwenye Ge'ez, kwa kuwa anaona herufi anazozijua na kudhani kazi imekwisha. Kwenye vibao vya Kioromo, c si s wala k. Ni ch ya kupasua. x ni t ya kupasua. Anayenakili herufi hizo kama zilivyo kwenye ramani iliyojengwa kwa desturi ya Kiingereza anaweza kukosa mji ambao anausoma mbele ya macho yake. Na mara nyingine mstari wa Kilatini hausemi jina la mstari wa juu hata kidogo: kibao cha mji mkuu kinaweza kusema አዲስ አበባ juu na Finfinnee chini, na yote mawili ni majina ya mji huo huo.

Nikaenda kutafuta mji wa Sidama kwa tahajia zote ambazo kibao kiliruhusu. H ya mwanzo huweza kuanguka, kwa kuwa neno hager huandikwa pia አገር bila h, kama vile Hawassa ilivyoandikwa Awasa miaka mingi. Maneno mawili huweza kuunganishwa. Nikajaribu Hagere Selam, Hagereselam, Agere Selam, Hagere Salam. Kisha nikajaribu kwa Ge'ez yenyewe, ambayo ramani nyingi hukubali, na hapo nako kuna la kujua. Kiamhari kina alama zaidi ya moja za h, zinazotamkwa sawa leo ingawa zamani zilitofautiana: ሀ, ሐ, ኀ. S nayo ina mbili, ሰ na ሠ. Mwandishi mmoja huandika ሀገረ ሰላም, mwingine ሐገረ ሰላም, mwingine ሃገረ ሠላም, wala hakuna anayeonekana mjinga. Ramani inayolinganisha alama kwa alama haijui kwamba hizo ni sauti moja. Anayebandika jina la kibao na kukosa jibu asiseme mji haumo. Abadilishe h kwanza, kisha s.

Ukishindwa na hayo yote, huenda jina limebadilishwa. Kusini zaidi kuna mji ambao kwenye vibao na vitabu vya zamani ni Hagere Mariam, na leo ni Bule Hora. Nazret ni Adama, Debre Zeit ni Bishoftu. Hapo hakuna herufi itakayokusaidia, ila mtu.

Mimi nilimaliza kwa mtu. Nilimpigia mjomba tena, safari hii bila kumwambia jibu. Nilimuuliza ni miji gani waliyoipita kabla ya yeye kushuka. Alikumbuka Hawassa, kwa sababu ya ziwa na samaki. Baadaye walipita mji ambao jina lake lilimchekesha, “kitu kama Wendo, kama mwendo.” Aleta Wendo. Kisha barabara ikaanza kupanda, baridi ikazidi, na homa ikamshika.

Kwenye bahasha tuliandika mistari mitatu. Wa kwanza ulikuwa Hagere Selam, Hula, Sidama, kwa herufi za Kilatini kama ramani inavyoandika. Wa pili ulikuwa jina kama lilivyo kwenye kibao, kwa Ge'ez, ambalo nililichora kwa mkono nikilinganisha na picha, na ninakiri ረ yangu ilikuwa mbaya. Wa tatu ulikuwa wa Kiswahili, wa mjomba mwenyewe, unaosema mama huyo anaishi upande gani wa kituo cha afya ukitoka barabarani. Mstari wa tatu ulikuwa wa mtu wa kikundi atakayeibeba.

Kikundi kilirudi baada ya mwezi. Walileta picha nyingine ya kibao kile kile, iliyopigwa kutoka pembeni, na mstari wa pili ulionekana wote, irabu zake mbili mbili zikiwa zimenyooka vizuri. Mama yule hakuwepo siku hiyo, alikuwa amekwenda sokoni Aleta Wendo. Binti yake ndiye aliyepokea, akazihesabu pesa mbele yao, na akarudisha sehemu. Alisema mjomba amezidisha, dawa hazikufika kiasi hicho. Mjomba bado anabishana na hesabu hiyo.